Oda ya soko, oda ya kikomo na oda ya stopu: zinatofautianaje, na bei ikiteleza nani anaumia?

Ukifungua programu ya kununua hisa au kubadilishana fedha za kigeni kwenye simu, hutaulizwa kama unaifahamu vizuri kampuni au sarafu unayoitaka. Utaulizwa unaweka oda ya aina gani. Wengi hubonyeza kitufe kilicho karibu na kuendelea. Baadaye wanakuta wamenunua kwa bei ambayo hawakuiona kwenye skrini, au wamepoteza zaidi ya kiasi walichodhani wamejiwekea kama mwisho wa hasara.

Mara nyingi hapo hakuna aliyeibiwa. Mtu alitoa agizo ambalo hakujua maana yake, na soko likalitekeleza kama lilivyo. Katika makala hii tunaeleza aina tatu za oda zinazotumika zaidi, jinsi kila moja inavyofanya kazi, na nyakati ambazo bei huteleza na kumuumiza mfanyabiashara. Kisha tunaitazama siku moja ya Januari 2015, ambapo maelfu ya watu duniani waligundua kwamba oda waliyoiita kinga haikuwa na nguvu waliyoidhania.

Maagizo matatu kwa dalali mmoja

Tuanze na jambo ambalo msikilizaji yeyote wa kijijini analijua. Una magunia 20 ya mahindi, na unamtuma dalali akuuzie mnadani. Bei ya leo ni shilingi 70,000 kwa gunia. Unaweza kumwagiza kwa namna tatu.

Ya kwanza: "Uza leo, kwa bei yoyote utakayoikuta." Hapo una uhakika kwamba jioni mahindi yatakuwa yameuzwa. Huna uhakika wa bei. Hiyo ndiyo oda ya soko.

Ya pili: "Usiuze chini ya 72,000." Hapo una uhakika wa bei, maana hakuna gunia litakalotoka kwa chini ya hapo. Huna uhakika kama litauzwa. Dalali anaweza kurudi jioni na magunia yote 20. Hiyo ndiyo oda ya kikomo.

Ya tatu: "Kaa nayo kwanza. Lakini ukiona bei imeshuka hadi 65,000, uza yote palepale kwa bei utakayopata." Hiyo ndiyo oda ya stopu. Itazame vizuri, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Ile 65,000 haikuwa bei ya kuuzia. Ni kengele tu. Kengele ikilia, agizo la tatu linageuka kuwa kama lile la kwanza: uza kwa bei yoyote. Kama wakati huo wanunuzi wametawanyika na aliyebaki anatoa 58,000, mahindi yatauzwa 58,000, na dalali atakuwa ametii agizo lako neno kwa neno.

Kwa hiyo kila oda inakupa ahadi moja na kukunyima nyingine. Oda ya soko inaahidi utekelezaji. Oda ya kikomo inaahidi bei. Oda ya stopu inaahidi tu kwamba kitu kitafanyika bei ikifika mahali fulani. Hakuna oda ya kawaida inayoahidi bei na utekelezaji kwa pamoja.

Oda ya soko na daftari la bei

Ili kuona bei inavyoteleza, inatupasa kujua kinachotokea ndani ya soko. Soko la hisa halina bei moja. Lina daftari lenye pande mbili: upande mmoja ni wanaotaka kununua na bei wanazotoa, upande wa pili ni wanaotaka kuuza na bei wanazodai. Ile bei moja unayoiona imeandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni bei ya biashara ya mwisho iliyofanyika, na pengine ilifanyika saa kadhaa zilizopita.

Tuchukue mfano wa kubuni. Unataka hisa 2,000 za kampuni fulani, na bei uliyoiona ni shilingi 500. Unazidisha haraka: shilingi 1,000,000. Lakini daftari upande wa wauzaji lina watu wanne. Wa kwanza ana hisa 300 kwa shilingi 500. Wa pili ana hisa 400 kwa 505. Wa tatu ana 800 kwa 510. Wa nne ana 2,000 kwa 520.

Ukiweka oda ya soko, mtambo hauulizi kama unakubali. Unachukua hisa zote 300 za muuzaji wa kwanza, ambazo ni shilingi 150,000. Unachukua zote 400 za wa pili, shilingi 202,000. Unachukua 800 za wa tatu, shilingi 408,000. Hisa 500 zilizobaki unazichukua kwa wa nne kwa 520, shilingi 260,000. Jumla ni shilingi 1,020,000. Umenunua kwa wastani wa shilingi 510 kwa hisa, si 500. Zile 20,000 za ziada, sawa na asilimia 2 ya fedha ulizopanga kutumia, ndizo gharama ya kuteleza kwa bei.

Hakuna aliyekudanganya hapo. Bei ya 500 ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya hisa 300 tu. Oda yako ilikuwa kubwa kuliko mzigo uliokuwepo kwa bei hiyo, ikapanda ngazi hadi ikatosheka. Kuteleza kwa bei, basi, ni tofauti kati ya bei uliyoitarajia ulipobonyeza na bei uliyoipata kwa kweli. Husababishwa na mambo mawili: mzigo mdogo kwenye daftari, kama hapa, au bei kusogea katika muda mfupi kati ya kubonyeza kwako na oda kufika sokoni. Mtandao wa simu ukiwa mzito, muda huo hurefuka.

Jambo hili lina uzito katika masoko madogo kama ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako zipo kampuni ambazo hisa zake hazibadilishani mikono kila siku. Kwa hisa zinazouzwa kwa wingi, daftari huwa na mzigo mwingi kwa bei zilizo karibu, na oda ya mtu mdogo hupita bila kuisogeza bei. Kwa hisa ambazo wauzaji ni wachache, hata oda ya kawaida inaweza kupanda ngazi tatu au nne.

Oda ya kikomo: unajua bei, hujui kama utapata

Sasa turudishe daftari lilelile, lakini safari hii uweke oda ya kikomo ya kununua hisa 2,000 kwa bei isiyozidi 505. Mtambo unachukua 300 kwa 500 na 400 kwa 505. Jumla umepata hisa 700 kwa shilingi 352,000. Halafu unasimama. Hisa 1,300 zilizobaki zinaingia kwenye daftari upande wa wanunuzi: "Yupo mtu anataka 1,300 kwa 505." Oda inakaa inasubiri muuzaji atakayekubali kushuka.

Anaweza kutokea leo, kesho, au asitokee kabisa. Kampuni ikitangaza habari njema na bei ikapanda hadi 600, wewe utabaki na hisa zako 700 ukitazama. Hiyo ndiyo gharama ya oda ya kikomo, na haionekani kwenye risiti yoyote kwa sababu ni gharama ya kitu ambacho hakikutokea.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, ambayo haisemwi sana. Oda ya kununua kwa 505 inayosubiri hutimizwa kwa urahisi zaidi siku ambayo habari ni mbaya, maana ndiyo siku wauzaji wanashusha bei. Uliyeiacha oda wiki tatu bila kuitazama unaweza kununua kwa 505 asubuhi ileile ambayo kila anayejua kilichotokea anaikimbia hisa hiyo. Kwa hiyo oda ya kikomo inataka itazamwe. Dalali atakuuliza oda idumu kwa muda gani: siku moja tu, au hadi uifute mwenyewe. Jibu swali hilo kwa makusudi.

Kwa mtu anayenunua hisa ili akae nazo miaka, na ambaye hana haraka ya saa wala siku, oda ya kikomo ndiyo inayofaa mara nyingi zaidi. Anaweza kuiweka kwenye bei ya muuzaji wa kwanza au wa pili, akapata sehemu kubwa ya anachotaka bila kupanda ngazi.

Oda ya stopu: kengele, si ukuta

Oda ya stopu hutumiwa zaidi na mtu ambaye tayari ana mali na anataka kujiwekea mwisho wa hasara. Amenunua kwa 500, na anasema: ikishuka hadi 470, nitolewe. Kabla bei haijafika 470, oda hiyo haifanyi lolote. Wakati bei inapogusa 470, oda inaamka na kuwa oda ya soko ya kuuza.

Siku za kawaida, tofauti kati ya kengele na bei ya kuuzia ni ndogo. Bei inashuka polepole: 473, 472, 471, 470. Wanunuzi wapo kwa 470 na 469, na oda inauzwa hapohapo. Mtu akiona hivyo mara 50, anaanza kuamini kwamba stopu ni ukuta, kwamba hasara haiwezi kupita pale. Imani hiyo ndiyo iliyowaponza wengi siku tunayoieleza sasa.

Alhamisi ya faranga ya Uswisi

Mwaka 2011, Ulaya ilikuwa katika mgogoro wa madeni na watu walikimbilia kuweka fedha zao katika faranga ya Uswisi. Faranga ilipanda thamani mno, na viwanda vya Uswisi vikalalamika kwamba bidhaa zao zimekuwa ghali nje. Tarehe 6 Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Ingenunua yuro kwa kiasi chochote kulinda kiwango hicho.

Kwa zaidi ya miaka mitatu benki ililinda neno lake. Wafanyabiashara wa fedha za kigeni wakaona hapo pana biashara rahisi: nunua yuro kwa faranga bei ikiwa juu kidogo ya 1.20, kwa kuwa haiwezi kwenda chini. Na kwa tahadhari, weka stopu chini kidogo ya 1.20. Kwa hesabu yao, hasara kubwa kabisa ingekuwa ndogo sana.

Tuchukue mfanyabiashara mmoja wa kubuni aliyefanya hivyo. Ana faranga 500 kwenye akaunti, na faranga moja siku hizo ilikuwa karibu sawa na dola moja. Kwa kutumia mkopo wa dalali, kama ilivyo kawaida katika biashara hii, ananunua yuro 10,000 kwa bei ya 1.2010. Anaweka stopu kwenye 1.1990. Tofauti ni 0.0020. Zidisha kwa yuro 10,000: hasara yake ya mwisho, kwa anavyoamini, ni faranga 20.

Alhamisi, tarehe 15 Januari 2015, saa nne na nusu asubuhi kwa saa za Zurich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa sita na nusu mchana, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba inaachana na kiwango cha 1.20. Hapakuwa na onyo lililotangulia.

Fikiria daftari la bei dakika hiyo. Mnunuzi mkubwa kuliko wote, benki kuu yenyewe, ameondoka. Mabenki mengine yanayotoa bei kila siku yaliacha kutoa bei au yalizishusha mno, maana hakuna aliyejua yuro ina thamani gani sasa. Chini ya 1.20 zilikuwa zimerundikana stopu za watu wengi waliofikiri namna moja. Zote ziliamka kwa pamoja, zote zikageuka kuwa oda za soko za kuuza, na upande wa pili wa daftari ulikuwa karibu mtupu. Bei haikushuka ngazi kwa ngazi. Iliruka. Katika dakika chache yuro ilifika hadi karibu faranga 0.85 kwenye baadhi ya masoko, kisha ikapanda tena na kutulia karibu na faranga moja.

Stopu ya mfanyabiashara wetu iliamka kama alivyoagiza. Lakini kwa 1.1990 hapakuwa na mnunuzi. Wala kwa 1.15, wala kwa 1.10. Tuseme mnunuzi wa kwanza aliyepatikana kwa ajili yake alikuwa kwenye 1.0300. Tofauti na bei aliyonunulia ni 0.1710. Zidisha kwa yuro 10,000: hasara ni faranga 1,710. Alikuwa na 500. Akaunti yake sasa inasoma hasi 1,210, yaani anadaiwa na dalali fedha ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Hayo yaliwapata watu halisi, na madalali pia. Kampuni ya Alpari ya Uingereza ilitangaza kesho yake kwamba haiwezi tena kulipa madeni. Kampuni ya FXCM ya Marekani ilisema wateja wake wamebaki na salio hasi la takriban dola milioni 225, ikalazimika kuchukua mkopo wa dola milioni 300 ili isimame. Wateja wengi wa kampuni hizo walikuwa wameweka stopu, na stopu hizo zilifanya kazi. Zilitekelezwa tu mahali ambapo mnunuzi alipatikana.

Je, stopu yenye kikomo ingewaokoa?

Ipo oda inayounganisha mbili: stopu yenye kikomo. Unasema: bei ikigusa 1.1990 amka uuze, lakini usiuze chini ya 1.1950. Inaonekana kama dawa ya kuteleza, na kweli inazuia kuuzwa kwa bei ya ajabu.

Lakini itazame kwa siku ileile. Kengele ingelia kwa 1.1990, bei ingeruka na kupita 1.1950 bila mnunuzi, na oda ingebaki inasubiri huku mali ikiendelea kuporomoka. Yuro haikurudi kugusa faranga 1.20 hadi Aprili 2018, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Aliyenunua kwa fedha zake zote, bila mkopo, angeweza kuvumilia hadi hapo. Aliyetumia mkopo wa dalali asingefika, kwa sababu dalali humfungia mteja biashara kwa nguvu akiba yake inapokwisha, na hufanya hivyo kwa oda ya soko.

Hivyo stopu ya kawaida inakutoa kwa bei usiyoijua, na stopu yenye kikomo inaweza isikutoe kabisa. Baadhi ya madalali hutoa stopu ya tatu, ya uhakika, ambapo wao wenyewe hubeba mzigo wa kuteleza. Hiyo ina malipo yake, na haipatikani kila mahali. Kinga iliyobaki mikononi mwa mfanyabiashara ni ukubwa wa biashara. Mtu yuleyule angenunua yuro 1,000 badala ya 10,000, hasara ingekuwa faranga 171. Ingeuma, lakini akaunti ingebaki na 329 na asingedaiwa.

Kuteleza kunaumiza lini, na kunamuumiza nani?

Mishtuko kama ya Uswisi ni michache. Kuna nyakati ndogo zinazojirudia ambazo anayefanya biashara hii kwa simu anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni wakati wa takwimu kubwa. Marekani hutoa takwimu zake za ajira, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa unusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, kutegemea majira yao ya saa. Katika sekunde hizo watoaji wa bei hujiondoa kidogo, na oda ya soko au stopu inaweza kutekelezwa mbali na ulipoiweka.

Ya pili ni soko linapofunguliwa baada ya mapumziko. Soko la fedha za kigeni hufungwa mwisho wa wiki. Likitokea jambo kubwa Jumamosi, bei ya Jumatatu alfajiri inaweza kuanza ng'ambo ya stopu yako. Kwa hisa ni hivyohivyo kati ya jioni na asubuhi.

Ya tatu ni usiku, siku ya New York inapofungwa, ambayo kwetu ni saa sita au saa saba usiku kutegemea majira yao. Watoaji wa bei huwa wachache, na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka kwa muda. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Programu nyingi huchora chati kwa bei ya kuuzia pekee. Kama uliuza ukitarajia bei ishuke, biashara yako hufungwa kwa bei ya kununulia, ambayo iko juu zaidi na haionekani kwenye chati. Asubuhi unakuta stopu imekatwa ilhali chati inaonyesha bei haikuifikia. Kabla hujasema umedhulumiwa, washa mstari wa bei ya pili kwenye chati utazame.

Kuhusu nani anaumia, jibu liko katika ukubwa wa faida anayoitafuta. Anayenunua hisa akae nazo miaka mitano akiteleza asilimia 2 siku moja, ameipoteza mara moja tu. Lakini yupo anayeingia na kutoka mara kadhaa kwa siku, akitafuta pipu 10 kila mara. Pipu moja ni sehemu moja ya elfu kumi ya bei ya sarafu nyingi. Tuseme ameweka stopu pipu 10 pia. Katika biashara 20 anashinda 10 na kushindwa 10. Bila kuteleza angetoka sare. Sasa kila stopu ikiteleza kwa pipu 2 tu, faida ni 100 na hasara ni 120. Amepoteza pipu 20 bila kukosea utabiri wake zaidi ya nusu, na hapo bado hatujahesabu ada za dalali.

Majina utakayoyaona kwenye simu

Katika programu ya MetaTrader, inayotumiwa sana na madalali wa fedha za kigeni, oda zinazosubiri zina majina manne ya msingi. Oda ya kikomo hutafuta bei nzuri zaidi kuliko ya sasa: Buy Limit huwekwa chini ya bei ya sasa, na Sell Limit juu yake. Oda ya stopu hufuata bei inakoelekea: Buy Stop huwekwa juu ya bei ya sasa, na Sell Stop chini yake. Ukikosea upande, programu huikataa oda.

Stop Loss ni stopu iliyofungwa kwenye biashara uliyokwisha kuifungua, na hugeuka oda ya soko ikiguswa. Take Profit, inayokutoa ukiwa na faida, kwa kawaida hufanya kazi kama kikomo. Ndiyo maana watu huona faida ikitoka palepale walipopanga, lakini hasara ikitoka mbali kidogo.

Ili ujue unateleza kiasi gani, fungua ukurasa wa History. Kwa kila biashara iliyofungwa na stopu, linganisha bei ya Stop Loss uliyoiweka na bei iliyofungia. Andika tofauti kwenye daftari kwa biashara 20 au 30. Kuteleza kwa haki huenda pande zote mbili: mara nyingine bei husogea kukusaidia kati ya kubonyeza na kutekelezwa, na unapaswa kuipata faida hiyo. Ukiona oda zako za soko zinateleza kwa kukuumiza tu na kamwe hazitelezi kwa kukufaa, mwulize dalali kwa maandishi. Mwaka 2014 mamlaka ya udhibiti ya Uingereza, FCA, iliitoza kampuni ya FXCM ya nchini humo faini ya pauni milioni 4 kwa kosa hilo hasa: bei ikisogea vizuri faida ilibaki kwa kampuni, ikisogea vibaya hasara ilimfikia mteja.

Jambo la mwisho la kutafuta ni kwenye mkataba wa dalali: je, akaunti yako inaweza kwenda chini ya sifuri? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2018 mteja wa kawaida wa biashara za aina hii hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka. Kwingineko ulinzi huo unategemea sheria ya nchi na mkataba wenyewe. Kama mkataba haujaandika waziwazi kwamba unalindwa, hesabu ukubwa wa biashara yako kwa bei ya 1.0300, si kwa bei ya 1.1990.